Gambuti la Baba: namna ya kuandika kapsheni ya kumpokea mbwa mdogo aliyeokolewa

Picha ilikuwa ya gambuti. Gambuti moja jeusi la kaka yangu, limelazwa ubavu barazani, na pale unapotarajia kuona mguu unaona kichwa cha mbwa mdogo mwenye mabaka ya kahawia, kimechungulia nje kama mpangaji aliyeulizwa kodi. Chini ya picha kaka ameandika: "Dada, tuwekee maneno. Watoto wanataka iende status leo leo."

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi wa bure. Kadi za harusi, shukrani za msiba, hata barua za watoto kuomba ruhusa shuleni, zote hupitia kwangu. Nilidhani kapsheni ya mbwa ni kazi ya dakika mbili. Ikanila jioni nzima, na chai ikapoa mara mbili. Nimeandika hapa nilivyoifanya, hatua kwa hatua, na rasimu nilizozitupa nimeziacha zionekane ili mwenye picha kama hiyo asizipitie tena.

Hatua ya 1: Orodhesha yale ambayo picha imekwisha kuyasema

Kabla ya kuandika neno lolote, tazama picha na utaje kila kinachoonekana. Mimi nilipata gambuti, mbwa mdogo, mabaka, baraza, mwanga wa asubuhi. Orodha hiyo ni ya vitu ambavyo hutaviandika. Ukiandika "Tazameni mbwa wetu mzuri amelala ndani ya kiatu", umemsomea mtu kitu alichokwisha kukiona kwa macho yake.

Mwenye kuvaa kanga ananielewa upesi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyochapwa chini. Kama mji una korosho na maua, jina halisemi "haya ni korosho na maua". Jina humsemesha jirani au wifi, au mume aliyechelewa kurudi. Kapsheni ndiyo jina la picha. Kazi yake ni kuleta kile ambacho kamera haikukishika: mbwa anaitwaje, alifikaje, nani alimkataa, na ni siku ngapi zimepita.

Na hayo huyapati kwa kuitazama picha zaidi. Inabidi upige simu.

Hatua ya 2: Kusanya vioja kutoka kwa wenye nyumba

Nilimpigia wifi yangu nikamuuliza maswali matatu tu. Mbwa huyu alifikaje hapo nyumbani? Nani hakumtaka? Na ni jambo gani alilofanya tangu afike ambalo mmelisimulia zaidi ya mara moja?

Swali la tatu ndilo lenye asali. Kisa kinachorudiwa mezani mara tatu kimekwisha kupunguzwa maneno na kuongezewa mahali pa kucheka, bila mtu kujua kwamba anafanya kazi ya uandishi. Wewe unakuja kukiokota tu.

Majibu yalikuwa haya. Mtoto wa kati, mwenye miaka 11, alitumwa jioni kununua chapati tano kwa muuzaji wa kona, pale Walukuba, Jinja. Mvua ikamkuta huko. Chini ya meza ya muuzaji kulikuwa na mbwa mdogo, amelowa chepechepe, analamba unga uliomwagika. Muuzaji akasema yupo hapo siku ya tatu na mama yake hajaonekana. Mtoto akarudi nyumbani na kavera la chapati mkononi, na sweta lililovimba tumboni.

Kaka yangu alikuwa na hukumu tayari: "Mbwa ni wa kulinda, si wa kubebwa. Alale hapa usiku mmoja tu." Kesho yake mvua ikanyesha tena. Keshokutwa kaka mwenyewe, akidhani hakuna anayemsikia, aliuliza kama "yule" amekula. Usiku wa nne mbwa alilivuta gambuti kutoka nyuma ya mlango, akaingia ndani yake na akalala fofofo. Tangu siku hiyo hajalala mahali pengine.

Waliulizia sokoni kwa wiki nzima kama kuna aliyepotelewa na mbwa. Hakuna. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akatazama meno, akasema ana kama wiki 8. Akampa dawa ya minyoo na kuwapangia siku za chanjo, ile ya kichaa cha mbwa ikisubiri afikishe miezi 3. Jina alipewa na kitinda mimba: Chapati, kwa sababu ya alipotoka, na kwa sababu mabaka yake yanafanana na yale ya chapati iliyokaa kidogo zaidi ya inavyotakiwa juu ya kikaango.

Picha ilipigwa asubuhi ya siku ya kumi na nne, na nasema hivyo kwa makusudi. Ukipewa kazi hii siku ya kwanza, waombe wenye nyumba wangoje. Siku ya kwanza mwenye mbwa anaweza bado kujitokeza, na mbwa mwenyewe huwa amejikunyata tu kwa hofu, hajaonyesha tabia. Huna cha kuandika ila huruma, na huruma peke yake haifanyi kapsheni nyepesi.

Jambo dogo kuhusu umri. Usimzulie siku ya kuzaliwa. Meno ya utoto ya mbwa huanza kutokeza kama wiki ya 3, na yote 28 huwa yametimia kama wiki ya 8. Kwa hiyo daktari anaweza kukukadiria wiki, lakini tarehe hawezi. Familia iandike siku aliyofika. Ndiyo tarehe wanayoijua, na ndiyo watakayoikumbuka mwakani.

Hatua ya 3: Neno "mbwa" litoke mapema

Hapa nina kosa langu la zamani la kusimulia. Miaka michache nyuma, ndugu zetu wengine, mume na mke, walimchukua mbwa mdogo. Picha yao ilionyesha taulo tu, limeviringishwa, na ncha ya pua ikitokeza kwenye kivuli. Nikajifanya mjanja. Niliandika: "Hatimaye nyumba yetu imejaliwa. Karibu duniani kwetu, mdogo wetu, tulikungoja sana..." na neno "mbwa" nikaliweka mwisho, sentensi ya tano, ili watu wacheke.

Hakuna aliyefika sentensi ya tano. Kufikia saa sita mchana shangazi mmoja alikuwa ameuliza hospitali gani, mwingine ameanza kutafuta usafiri wa kuja na ndizi na kuku wa mzazi, na mama mkwe alikuwa analia kwa furaha kwenye simu. Mke yule alikuwa amengoja mtoto kwa miaka mingi. Ilibidi yeye mwenyewe apige simu moja baada ya nyingine kueleza kwamba ni mbwa. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Sababu ya kosa ni ya kiufundi kabisa. Instagram inakubali kapsheni ya hadi herufi 2,200, lakini msomaji anayepita huonyeshwa kama herufi 125 za mwanzo, na zilizobaki hujificha mpaka aguse. Status ya WhatsApp nayo huyaficha maneno marefu, na picha yenyewe hupita baada ya sekunde chache. Na kwetu Uganda wasomaji wa mambo ya nyumbani wako WhatsApp hasa. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na tangu hapo anayeitaka hupitia VPN. Maana yake ni kwamba anayesoma kapsheni yako ni bibi, mjomba na mwenyekiti wa kikundi cha ukoo, kila mmoja akiwa ameshika simu mbali na uso kwa kukosa miwani. Hao hawagusi "Soma zaidi". Wanasoma mstari mmoja kisha wanapiga simu.

Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe na mbwa ndani yake. Mzaha wa "tumepata mtoto" uuache kabisa, hata kama ni wa kupendeza kiasi gani, kwa sababu huwezi kujua nani kwenye kikundi hicho anangoja habari kama hiyo ya kweli.

Hatua ya 4: Okoa, okota, okoka

Kiswahili kimetuwekea mtego wa herufi moja. *Tumemwokota* ni kumkuta njiani ukamchukua. *Tumemwokoa* ni kumtoa kwenye hatari. Na *ameokoka*, kwa Uganda yetu, ambako walokole wako kila ukoo, ni jambo la kanisani na lina ushuhuda wake. Ukiandika "mbwa wetu ameokoka" utapata maoni mengi kuliko unavyohitaji, na mojawapo litauliza kama ameacha kuiba nyama.

(Nakiri kwamba niliitamani hiyo. Kama familia yako ni ya watu wanaocheka kanisani, ni kapsheni nzuri sana kwa picha ya mbwa aliyefumba macho. Familia ya wifi yangu ni Waislamu, ya kaka ni walokole wenye msimamo. Nikaiacha.)

Chapati aliokotwa au aliokolewa? Alikuwa chini ya meza, ana siku tatu bila mama, mvua inanyesha. Mtoto angesema aliokolewa, na mtoto ana haki. Lakini neno "tumemwokoa" linamgeuza mwandishi kuwa shujaa wa picha, na kapsheni nyepesi hufa papo hapo shujaa anapoingia. Njia rahisi ni kutolitaja tendo hilo kwa jina. Taja meza ya chapati, taja mvua, na msomaji atajua mwenyewe kwamba kuna aliyeokolewa.

*Kuasili* nalo liache mahakamani, linamhusu mtoto wa mtu na karatasi zake. Mbwa huchukuliwa, hupokelewa, hulelewa. Kama ametoka kwenye kituo cha wanyama, kwa mfano kile cha USPCA mjini Kampala, kitaje kituo kwa kifungu kimoja, "ametoka USPCA", kwa sababu kuna msomaji atakayeuliza anapatikana wapi wa namna hiyo. Usiandike tu "tumempata", maana wengi watafikiri mmenunua.

Na aliyemtupa mbwa, kama yupo, asiingie kwenye kapsheni. Ukianza kumlaani, maoni yote yatamfuata yeye, na mbwa atabaki peke yake juu ya ukurasa wake mwenyewe.

Wepesi huu una mpaka. Kule Gulu kuna mradi uitwao The Comfort Dog Project, ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, ambaye alipoteza macho kwa bomu alipokuwa mtoto. Mradi huchukua mbwa wasio na makao, huwafundisha, kisha huwapa watu wanaobeba majeraha ya moyo ya vita vya kaskazini. Mbwa na mtu hapo wameokoana. Picha ya namna hiyo haihitaji mzaha wa gambuti. Inahitaji majina yao wawili na siku walipokutana, basi. Ukihisi kwamba kicheko chako kinapita juu ya maumivu ya mtu aliye pichani, punguza maneno mpaka kicheko kiishe.

Hatua ya 5: Mwite kwa jina linalompendeza

Lugha yetu haijamtendea mbwa wema. "Mbwa wewe" ni tusi. "Mtoto wa mbwa" ni tusi lenye mzazi. Methali nazo ndizo hizo: mchezea mbwa huingia naye msikitini, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Unapoandika kwa upendo kuhusu mbwa kwa Kiswahili unapanda mlima, na inafaa ujue mteremko uko wapi.

Kamusi ina *kilebu*, neno zuri, lakini jaribu kulisema Walukuba uone nani atageuka. *Kijibwa* lina dharau ndani yake, hutumiwa kwa vibaraka wa wakubwa. Watu wa kwetu, kwa sababu ya Luganda na Lusoga mdomoni, husema *kabwa* au *katoto ka mbwa*, na hiyo *ka* ina joto ambalo *ki* haina. Ukimsikia mama wa Jinja akisema "kabwa ketu" unajua tayari kamelala jikoni. Kwa wasomaji wa Uganda peke yao ningeliandika bila wasiwasi. Kikundi chetu kina ndugu wa Mombasa, ambao wangenisahihisha mpaka Ijumaa, kwa hiyo nilichagua "mbwa huyu", nikaacha jina "Chapati" lifanye kazi ya kumpunguza ukubwa. Mbwa anayeitwa Chapati hawezi kumtisha mtu.

Upatanisho nao: nyumbani wote husema "mbwa yetu". Kwenye maneno yako andika "mbwa wetu". Ukinukuu mtoto, muache aseme "mbwa yangu", usimsahihishe hadharani.

Kuhusu ndugu Waislamu, jambo si kuficha mbwa. Ni kuchagua picha. Wengi wao, pwani na bara, wamelelewa na mafunzo kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Picha ya mbwa akimlamba mtoto midomo ingewafanya akina mama wadogo wa wifi yangu waache kusoma kapsheni na waanze kuhesabu vyombo. Gambuti halina tatizo na mtu yeyote.

Nikae hapa kidogo, nisamehewe. Mimi nimekulia karibu na kambi ya jeshi, na kwa watu wengi wa rika langu Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya kizuizi barabarani. "Simama hapo!" "Toa kipande!" Hata mbwa walisemeshwa kwa Kiswahili kwa sababu kilionekana kufaa kwa amri. Kuandika kwa lugha hiyohiyo kwamba mbwa mdogo amelala ndani ya kiatu cha mwanaume mzito kunanipa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Basi.

Hatua ya 6: Chagua kioja kimoja, uandike, utupe, uandike tena

Nilikuwa na vioja kama kumi na vitano, nimeviandika nyuma ya risiti. Rasimu ya kwanza sikutumia hata kimoja:

*"Tunayo furaha kubwa kuwatangazia kuwa familia yetu imempokea mwanafamilia mpya, mbwa aliyeokolewa mtaani, ambaye ameleta upendo na furaha nyumbani mwetu."*

Nilijua imekufa kabla ya nukta. Hiyo ni sauti ya mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti. Kipimo ni hiki: ibandike chini ya picha ya mbwa mwingine yeyote duniani, na kama inafaa, si yako. Hii ingemfaa hata paka.

Rasimu ya pili ikawa kinyume chake. Nilimimina yote, mvua, sweta, unga, daktari, minyoo, mjomba wa muuzaji. Ilikuwa habari nzuri ya ukurasa mzima, na picha chini yake ikawa pambo. Niliihifadhi. Kisa kamili kina mahali pake, mtu akiuliza kwenye maoni.

Rasimu ya tatu niliipenda mno:

*"Kitendawili! Tega. Nyumba yetu ilikuwa na miguu kumi, usiku mmoja wa mvua ikaota minne. Jibu: mbwa wetu, Chapati."*

Watu watano, miguu kumi, ongeza minne. Hapa ndipo niliona namna ya kusema jambo la familia bila kutamka "familia". Hesabu inasema yenyewe kwamba nyumba imebadilika. Tatizo lilikuwa picha. Kitendawili cha miguu kinataka picha ya miguu, yote kumi na minne kwenye jamvi moja, na mimi nilikuwa na gambuti. Nilimtumia wifi ujumbe kwamba wapige hiyo picha siku nyingine, maneno yake yapo tayari.

Nikarudi kwenye risiti nikatafuta kioja chenye gambuti na chenye familia ndani yake kwa pamoja. Kilikuwa pale tangu mwanzo: hukumu ya kaka. Usiku mmoja tu. Na hesabu ikawa ya siku badala ya miguu. Picha inaonyesha gambuti, maneno yanaleta kauli na muda, na msomaji mwenyewe anaunganisha na kugundua nani ameshindwa.

*"Mbwa huyu anaitwa Chapati. Baba alisema alale hapa usiku mmoja tu. Leo ni wa kumi na nne, na Baba anakwenda kazini na gambuti moja."*

Angalia sentensi mbili za mwanzo. Hazifiki herufi 70, nafasi zikiwemo, kwa hiyo hata simu inayokata maneno itaonyesha mbwa, jina na kauli ya Baba. Kinachoweza kufichwa ni sentensi ya tatu tu. Angalia pia nyakati: *alisema* ni ya jana na imefungwa, *anaitwa* na *anakwenda* ziko hai. Ukiandika yote kwa *-li-*, mbwa anakuwa kumbukumbu, na ndugu watauliza kama bado yupo.

Hakuna neno "upendo" ndani yake. Hakuna "mzuri". Hakuna alama za moyo pia, ingawa watoto walizipigania, tukakubaliana wabandike moja tu kwenye picha, kona ya juu, mbali na maneno.

Hatua ya 7: Isomee kwa sauti mbele ya anayechekwa

Kapsheni hii inamcheka mtu, na mtu huyo ana jina na kazi na heshima yake mtaani. Nilimpigia kaka nikamsomea. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Dada, mimi sijaenda kazini na gambuti moja. Nina viatu vingine." Nilitaka kubisha kwamba ni chumvi tu ya maandishi. Halafu wifi akadakia kutoka nyuma: "Lakini jana uliuliza bei ya gambuti sokoni." Kimya tena. Kumbe ukweli ulikuwa unachekesha kuliko chumvi yangu. Tukabadilisha:

*"Mbwa huyu anaitwa Chapati. Baba alisema alale hapa usiku mmoja tu. Leo ni wa kumi na nne, na Baba anauliza bei ya gambuti jipya."*

Ukikwama kwenye mzaha, uliza kilichotokea hasa. Na aliyechekwa akikataa kabisa, badilisha, hata kama una hakika ni nzuri. Yeye ndiye atakayekutana na majirani.

Mambo mengine ya kukagua yalikuwa mepesi. Nyuma ya gambuti ilionekana sare ya shule yenye beji, nikaomba picha ikatwe upande huo. Kwenye maneno hatukutaja mtaa wala duka. Na watoto walitaka kuongeza kwamba Chapati anapenda sana roleksi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. Nikauliza roleksi yenye kitunguu? Ndiyo, yenye kila kitu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu, na mbwa wa ukubwa wa kiatu hahitaji kingi. Niliwaambia waache kumpa, na kwenye kapsheni tusiitaje hata kwa utani, kwa sababu kuna mtoto wa binamu atakayesoma na kuiga jioni hiyohiyo.

Ilipanda saa moja na nusu usiku, saa ambayo ukoo wetu umemaliza kula na haujaanza kulala. Bibi wa Tororo alijibu kwanza, kwa sauti, akicheka mpaka ujumbe ukakatika. Mama mdogo mmoja wa wifi aliuliza kama gambuti limeoshwa. Mjomba wa Mombasa, alipopewa kisa kamili, aliandika tu: "Na chapati tano zilifika zote?"

Kaka yangu, ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye kikundi tangu kianzishwe isipokuwa "Amina", alijibu karibu saa nne: "Elfu thelathini na tano. Nimeshanunua. Huyo abaki na la zamani."